Kuba la Matofali, Shingo ya Chuma

Muuguzi wa zahanati aliweka kile chombo chake baridi mgongoni pangu, akaniambia nivute pumzi. Nikavuta, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Akauliza kama navuta sigara. Nikamwambia sijawahi kuigusa, mimi ni mpishi. Akauliza napikia nini, nikamwambia kuni.

"Basi ni sawa na kuvuta," akasema. "Sasa sikiza, mama. Ni moja kati ya mbili. Ama hiyo moshi itoke kwa jikoni, ama wewe utoke."

Nilirudi Loresho kwa miguu nimekasirika, kana kwamba yeye ndiye aliyewasha ule moto. Nilikuwa nimepika katika shule ya chekechea ya kanisa letu tangu nilipoacha kazi za nyumba za watu. Baadhi ya watoto niliowapikia uji walikuwa wameshaoa. Nilikuja Nairobi kutoka upande wa Kakamega nikiwa mke mchanga, nikafua nguo Lavington, nikalea watoto Muthangari, nikayaacha yote mawili kwa hiari yangu. Watu hudhani mtu hupikia shule kwa kukosa kazi nyingine. Mimi nilikipenda kile kijiko kirefu cha mbao, nikaipenda ile dakika ambapo kelele za watoto hukatika zote pamoja vikombe vinapofika mdomoni. Sikutaka kumwachia mtu jikoni ile.

Nilipomweleza mchungaji maneno ya muuguzi, alifurahi kama mtu aliyekuwa akiyangoja. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na zizi la ng'ombe wa maziwa wa kanisa, na kando ya zizi palikuwa na rundo la mavi lililokuwa likimkosanisha na majirani. Kila mvua ikinyesha nzi walivuka ukuta, na kila nzi wakivuka ukuta mlinzi wa jirani alikuja getini na ujumbe.

"Mama, hii mavi ndiyo dawa yako," mchungaji akasema. "Tutajenga biogesi."

Akanieleza: mavi yakichanganywa na maji na kufungiwa mahali pasipoingia hewa huoza na kutoa gesi, na gesi hiyo huwaka bila moshi. Masalio yake yanakwenda kwenye bustani ya sukuma wiki. Niliimba siku nzima. Nilidhani muhula unaofuata nitakuwa napika kwa moto wa buluu. Lakini mimi sikuijua kamiti ya kanisa.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Katika kanisa letu zawadi ya mtu haikataliwi. Ukileta kuku siku ya mavuno, hata awe amebaki mifupa na kiburi, atanadiwa na kupigiwa makofi. Ukitoa saa ya ukutani isiyosema kweli, itatundikwa. Kukataa kitu cha mtu ni kumkataa mwenyewe, na kuna jamaa nzima zilizohamia makanisa mengine kwa sababu ya kapeti lililorudishwa. Kwa hiyo sisi hatujengi kwa kile kinachohitajika. Tunajenga kwa kile kilichotolewa.

Kamiti ilikutana katika darasa la watoto wakubwa, watu wazima wamekaa kwenye viti vidogo, magoti yakigusa videvu. Mimi nilikuwa nikimimina chai. Kilichozungumzwa kilikuwa kifua changu, lakini hakuna aliyeniuliza neno ila kama sukari imeisha.

Waliozungumza hasa walikuwa watatu. Wa kwanza ni mwekahazina, mama mwenye nyumba Lavington ambaye biashara yake ilikuwa vifaa vya mashamba yanayofunikwa kwa plastiki, yale ya nyanya na pilipili hoho. Yeye alitaka ule mfuko mrefu wa plastiki unaolazwa kwenye mtaro. Alisema ndio wa bei ya chini kuliko yote, unachimbiwa mtaro asubuhi, jioni umeshalala ndani. "Na haina kuvuja," akasema. "Hiyo inatoka kiwandani ikiwa kitu moja. Hakuna mtu anaanza kuunganisha unganisha hapa."

Wa pili ni mwenyekiti. Yeye alikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma kule Grogan mjini, mtu wa maana sana, mikono yake imejaa alama za cheche. Geti la kanisa ni lake, madirisha ya kanisa ni yake, hata ule msalaba wa juu ni wake. Alimsikiliza mwekahazina huku akitabasamu, kisha akauliza swali lililowachekesha wote: "Kwani nyinyi mmewahi kuona mtungi wa gesi wa plastiki? Ama wa matofali? Gesi ni ya chuma. Ukichomelea vizuri, hata shetani hapiti."

Wa tatu hakuwa mwanakamiti. Alikuwa fundi mwashi aliyeitwa atoe maoni, mwenyeji wa huku pembeni ya mji, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alikuwa amejenga makuba ya biogesi kutoka Kikuyu mpaka Limuru na hakuna hata moja lililomsuta. Fundi huyo alipenda sana kujisifu, lakini alichosema siku hiyo kilikuwa kweli. Kuba la matofali linachimbiwa chini, halipigwi na jua wala baridi, na likijengwa vizuri linaweza kuishi kuliko aliyelijenga. Tofali lenyewe hupumua, akasema, kwa hiyo linalozuia gesi si tofali bali ni ile plasta na rangi ya ndani, tabaka juu ya tabaka. Gharama yake ni simiti na siku za fundi. Tangi la chuma ukubwa uleule ni ghali kuliko kuba, na gesi ya mavi ina uchachu unaokula chuma, lazima likwanguliwe na kupakwa rangi mara kwa mara. Plastiki ni rahisi, ndiyo, na ikiwa mpya haivuji kabisa, lakini ni ya miaka michache, na hata kucha ya paka ni adui yake.

Nilisimama na birika mkononi nikasema moyoni, basi imekwisha, ni kuba. Wao wakasema wataenda kwanza kuona mfuko wa mwekahazina.

Tukaenda Lavington. Nilichukuliwa ili niuone moto, nimpe mchungaji ushahidi wa mpishi. Nyuma ya ile nyumba kubwa palikuwa na ng'ombe wawili, kwa sababu mzee wa nyumba alikataa kuishi bila maziwa yake. Mfuko ulikuwa umelala mtaroni chini ya kivuli cha neti, mrefu, mweusi, umelegea katikati. Ulikuwa ule mwezi wa Julai ambapo Nairobi haioni jua na hata mtu hulala na soksi, na kwa baridi hiyo mavi huoza polepole, gesi ikawa chache. Juu ya mfuko walikuwa wamepanga magunia ya mchanga ili yaikamue gesi kuelekea jikoni. Palikuwa na viraka viwili vya aina ile wanayozibia tairi za baisikeli.

"Hizo ni za mbwa," mwekahazina akasema haraka. "Siku hizi tumemfunga."

Jikoni akawasha. Moto ulikuja mdogo, wa buluu, ukiyumba. Nikauangalia nikajua kwa sufuria zangu tungekunywa uji wa saa nne saa nane. Hata hivyo haukuwa na moshi, na nilikaa pale nikauvutia pumzi kama mtu aliye kando ya ziwa. Tukiwa njiani kurudi nikamwambia mchungaji kwamba hata ule mdogo ningeupokea leo hii.

"Tusikimbilie, mama," akaniambia. "Subira yavuta heri."

Nilikuja kulichukia lile neno. Kila aliyelitamka alikuwa anapumua vizuri.

Siku ya uamuzi mchungaji alizungumza kwa upole wake wote, na upole wake ndio uliotumaliza. Alisema Mungu ametupa watu watatu wenye vipawa vitatu, na haifai kipawa cha yeyote kilale. Kwa hiyo tutajenga kuba la matofali, kama fundi anavyosema. Shingo ya kuba, yaani ule mdomo wa juu wa kuingilia ndani, na kifuniko chake vitakuwa vya chuma, zawadi ya mwenyekiti. Na gesi ikitoka kwenye kuba itahifadhiwa katika mfuko wa plastiki karibu na jikoni, zawadi ya mwekahazina. Makofi yakapigwa mpaka vumbi la chaki likapanda. Wahenga walisema nahodha wengi chombo huenda mrama, lakini mrama huo kamiti yetu iliuita umoja.

Fundi awali alikuwa amesema shingo hufungwa kwa kifuniko kizito cha zege kinachokalishwa juu ya udongo wa mfinyanzi, halafu maji yanamwagwa juu yake ili udongo usikauke. Kikivuja, unaona mapovu kwenye maji, huhitaji nabii. Mwenyekiti alipoahidi shingo ya chuma yenye kifuniko cha bolti na mpira wa kuzuia hewa, nilimtazama fundi nikitarajia atakataa. Alipiga makofi kuwashinda wote. "Hiyo iko sawa kabisa," akasema. "Nitaifungia na simiti mpaka isahau ilitoka Grogan."

Ujenzi wenyewe ulikuwa mzuri kuutazama, siwezi kusema uwongo. Fundi alipofika sehemu ya juu, ambapo matofali huinamia ndani, alikuwa akilishikilia kila tofali kwa ndoana ya waya iliyofungiwa jiwe mpaka simiti ishike, kisha analiendea jingine. Hakutumia mbao za kushikilia. Kuba lilijifunga lenyewe, mduara juu ya mduara. Kisha akaingia ndani akapiga plasta, akalainisha kwa niru, ule uji mzito wa simiti, akapaka rangi ya kuzuia gesi, akarudia tena, akawa anatoka mweupe mpaka kope. Nilimpelekea chai palepale shimoni. Nilitaka asitoke hata kidogo.

Mwenyekiti akaleta shingo yake kwa pikapu. Ilikuwa kazi safi kweli, imepakwa rangi ya kijani inayong'aa, na juu ya kifuniko alikuwa amechomelea msalaba. Watu walipiga picha nayo. Fundi akaikalisha kwenye mdomo wa kuba, akazungushia simiti, akaipigapiga kama mtoto aliyeshiba.

Baada ya simiti kukauka ikafika siku ya kupima. Fundi alijaza maji sehemu ya chini ndani ya kuba, akafunga kifuniko, akaongeza maji mpaka hewa iliyobaki juu ikabanwa. Kwenye bomba la kutolea gesi akachomeka mpira wa plastiki unaoonekana ndani, ameukunja uning'inie kwa umbo la kamba ya bembea, na katikati yake kuna maji aliyoyatia rangi kwa sharubati. Hewa ikisukuma, maji ya upande mmoja yanapanda. Kuba lisipovuja, yanabaki juu. Yakapanda vizuri, sote tukashangilia, tukaenda nyumbani. Asubuhi nilipofika kuwasha moto nilipitia pale kwanza. Maji ya pande mbili yalikuwa sawasawa.

Fundi akalijaza kuba hewa upya, akachukua ndoo ya povu la sabuni, akapaka kila mahali. Kwenye bomba hapakuwa na kitu. Kwenye koki hapakuwa na kitu. Kwenye mpira wa kifuniko hapakuwa na kitu. Kisha akapaka pale chuma kinapokutana na simiti, na mapovu yakaanza kuinuka moja baada ya jingine, mazuri, ya mviringo, kuzunguka shingo nzima. Fundi aliyatazama, akautazama ule msalaba, akanitazama mimi. Kisha akayafuta kwa kitambaa.

"Mama, hii ni kitu kidogo sana," akasema.

Akabomoa simiti akapiga nyingine. Ikashika siku mbili, ikaachia. Akapaka lami. Lami ikashika mpaka jua lilipotoka. Nilimuuliza kwa nini, naye akanieleza kwa sauti ya chini kama mtu anayesengenya. Chuma ni laini na kimepakwa rangi, simiti haina pa kung'ata. Simiti yenyewe ikikauka hunywea kidogo. Tena ile shingo imejitokeza nje, mchana inachomwa na jua mpaka huwezi kuishika, usiku inapoa, huku kuba lililo chini ya udongo halijui habari hizo. Kila siku kimoja kinacheza, kingine kimetulia. Ufa ule ni mwembamba kama unywele, lakini gesi haihitaji mlango.

"Basi mwambie mwenyekiti," nikamwambia.

"Ai, mama! Mimi nimwambie? Wewe mwambie."

Nilikasirika nikaenda kukoroga uji.

Kwa kuwa wageni walikuwa wameshaalikwa, kuba lilijazwa mavi hivyohivyo. Siku ya kulizindua mwenyekiti alihubiri kidogo, akatukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Alisema hayo akiwa ameegemea ile shingo! Moto haukuwaka, naye akaeleza kwamba gesi ya kwanza huwa haiwaki, imechanganyika na hewa, lazima iachiliwe itoke. Hilo ni kweli, na ukweli huo ulimpa nafasi ya kupumzika wiki kadhaa. Baada ya hapo ilibidi atafute sababu nyingine.

Gesi ilikuwapo. Ungeweza kuinusa ukipita karibu na shingo, harufu ya yai lililooza. Mchana mfuko wa plastiki ulivimba kidogo, na asubuhi nilipofika ulikuwa umelala. Nikiwasha, moto ulishika, ukafanya kama unataka kusema kitu, ukazima kabla maji hayajaonyesha hata dalili ya mvuke. Nikarudi kwenye kuni. Ilikuwa masika, kuni zimelowa, na kuni mbichi hazina huruma. Nilikuwa nikikoroga kidogo, natoka nje kukohoa nikiwa nimeshika ukuta, narudi. Walimu walizoea. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba walizoea.

Kamiti ikakaa tena. Mwenyekiti alilaumu mfuko wa plastiki. Mwekahazina, mwanamke asiyeonewa, akaufungua mfuko wake mbele ya watu, akaujaza upepo kwa pampu, akaufunga, akauacha darasani. Wiki nzima watoto waliuparamia na haukulegea. Basi mwenyekiti akageukia matofali. Matofali hupumua, akasema, fundi mwenyewe alikiri. Fundi alijua ukweli. Mwekahazina aliujua. Mchungaji naye, nadhani, aliujua, maana alikuwa akikwepa kupita upande ule. Lakini badala ya mtu mzima mmoja kufungua mdomo, waliamua kulimwaga kuba lote.

Walichota mavi yale kwa ndoo, wakaliacha kuba wazi lipate hewa, fundi akaingia akapaka upya ukuta ambao haukuwa na kosa lolote. Simiti nyingine, rangi nyingine, siku nyingine za fundi. Kuba tulilolichagua kwa kuwa ni nafuu kuliko chuma likaanza kuwa ghali kuliko chuma, na chuma chenyewe bado kipo shingoni pake. Wakajaza tena. Tukangoja tena. Povu la sabuni likainuka palepale.

Muuguzi alipolisikiliza tena kifua changu hakuniuliza chochote. Aliandika, akanipa ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, akasema, "Si nilikuambia?"

Siku ya mkutano uliofuata nilibeba chai kama kawaida. Mchungaji alikuwa akipendekeza tukipe chuma muda kizoee. Nikaliweka birika mezani, juu ya karatasi zao, nikasema, "Chuma hakizoei, mchungaji. Mimi ndiye nimeambiwa nizoee." Kisha nikamgeukia mwenyekiti. "Baba, nakuheshimu. Geti lako nimelifungua kila asubuhi. Lakini ni hiyo shingo yako inavuja. Nimeona na macho yangu, fundi ameona, na hawa wote wameona. Hata ukipaka hilo kuba dhahabu, bado itavuja hapo. Mimi nakufa na moshi kwa sababu hakuna mtu anataka kukukosea."

Nilianza kukohoa kabla sijamaliza, kwa hiyo sehemu ya mwisho labda hawakuisikia vizuri. Mwekahazina alikuwa akiangalia kikombe chake. Fundi, yule wa Kikuyu mpaka Limuru, alikuwa amegundua kitu muhimu sana kwenye dari. Mwenyekiti akasimama taratibu kutoka kwenye kile kiti cha mtoto, akachukua kofia yake. "Sawa," akasema. "Kama vitu zangu ni mbaya, nimesikia." Mchungaji akasema tuombe.

Nilidhani nimemaliza kazi. Nilidhani kesho yake wataing'oa. Kumbe sasa shingo haikuweza kuguswa kabisa, kwa sababu aliyeitoa amekasirika, na kung'oa kitu cha mtu aliyekasirika ni kumfukuza. Mwenyekiti hakuonekana kanisani Jumapili ile, wala iliyofuata, wala nyingine nyingi. Wajumbe walimwendea na sukari na mkate, wakarudi. Shingo ya kijani ikabaki pale na msalaba wake, ikinuka yai. Wengine walinisalimia kwa ubaridi, kwamba mimi ndiye niliyelipasua kanisa. Mimi, niliyekuwa napasua kuni.

Mchungaji akaleta msichana wa kunisaidia, mke mchanga aliyetoka kwetu hukohuko, mwenye mikono mizuri na kifua kizima. Alisema ni wa kunipunguzia moshi tu kwa sasa. Mimi nilikata sukuma nje, yeye alikoroga ndani. Nilimfundisha kila kitu nilichokijua: kuni gani inawaka mvua ikinyesha, uji ukitaka kushika chini unautambua kwa sauti gani, mtoto gani hapewi maziwa. Nilimfundisha kwa hasira na alijifunza haraka.

Mwishowe aliyeuondoa ule mkosi ni mke wa mwenyekiti. Sijui alimwambia nini mumewe nyumbani. Ninachojua ni kwamba ujumbe ulikuja kuba limwagwe na kuachwa wazi, na siku moja ya katikati ya wiki pikapu iliingia, mwenyekiti akashuka na gesi zake za kukatia, akaingia kwanza kwa mchungaji, akatoka, na akaikata shingo yake mwenyewe baada ya kuhakikisha kuba limemwagwa na kupigwa na upepo siku nyingi. Hakunitazama. Alipomaliza alikuja mpaka mlangoni pa jikoni akasimama.

"Mama, pole," akasema.

"Asante, baba," nikamwambia.

Fundi akaijenga shingo kwa matofali, akapaka ndani, akaleta kifuniko cha zege, akakikalisha juu ya udongo wa mfinyanzi uliokandwa kama unga wa chapati, akamwaga maji juu. Tukayatazama yale maji. Yalitulia. Asubuhi, kwenye ule mpira wa plastiki, maji ya sharubati yalikuwa palepale alipoyaacha. Kitu chenyewe kilichotusumbua muda wote huo kilirekebishwa kwa udongo, jambo ambalo fundi alilisema tangu awali, kisha akapiga makofi lisifanyike.

Wakati mavi yaliyojazwa upya yakiwa yanaoza, mchungaji aliniita ofisini. Alizungumza sana kuhusu afya yangu. Alisema zahanati wamemwandikia, na kwamba kanisa haliwezi kubeba dhambi ya kuniweka karibu na jiko lolote, hata lisilo na moshi, kwa hali yangu ilivyofika. Alisema nimetumika vizuri. Nikamuuliza, sasa gesi hii mlimjengea nani? Akafumba macho kana kwamba anaomba, lakini nadhani alikuwa anangoja niondoke.

Siku ya kuwasha walinipa leso mbili na kiberiti. Watu wote walikuja, mwenyekiti akiwa mstari wa mbele, mwekahazina akishikilia mfuko wake ulioshiba. Nikafungua koki, nikawasha, na moto ukatoka kwa mvumo mzito, wa buluu mpaka ncha, mkubwa kuliko ule wa Lavington mara kadhaa. Hapakuwa na moshi wala harufu. Wakapiga vigelegele. Nikapisha, yule msichana akaweka ile sufuria kubwa juu yake, akakunja mikono ya blauzi, akachukua kijiko kirefu.

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kwenye soda, alinivuta mkono. Uji ulikuwa umeanza kutoa mapovu pembeni. "Mama, hii moto niipunguze saa hii, ama niache mpaka ichemke vizuri? Wewe unaonaje?"

Nilisogea nikautazama ule moto. Wa kuni ningemwambia hata nikiwa nimefumba macho. Huu nilikuwa nimepewa dakika moja tu ya kuuwasha. Nikamwambia sijui.